Redio Iliyokwama: Hadithi ya Kumweleza Mtoto Kipandauso cha Mama

Hadithi ya kumweleza mtoto kipandauso cha mzazi wake huwa fupi, kurasa sita au saba za daftari, na kazi yake ni moja. Ni kumfanya mtoto wa miaka minne, mitano au sita aelewe kwa nini leo pazia limeshushwa mchana kweupe, redio imezimwa, na mama aliyeamka mzima amejifunika kanga usoni na hataki kuguswa. Mtu mzima huelezwa kwa sentensi moja akaridhika. Mtoto haridhiki, kwa sababu anachokiona hakifanani na ugonjwa wowote anaoujua. Hakuna kidonda wala bandeji, hakuna kikohozi, na paji la uso likiguswa halina joto. Kilichopo ni mlango uliofungwa.

Anayetunga hadithi hiyo inabidi aujue ugonjwa kabla ya kutafuta maneno. Kipandauso ni maradhi ya mfumo wa neva yanayomjia mtu kwa vipindi, na si maumivu ya kawaida ya kichwa yaliyozidi kipimo. Mara nyingi hushika upande mmoja wa kichwa, maumivu yakipwita kama mapigo ya moyo, na huzidi mgonjwa akiinama au akipanda ngazi. Kichefuchefu huandamana nayo, na wengine hutapika. Kwa mtu mzima asiyetumia dawa, kipindi kimoja huchukua saa 4 hadi saa 72. Duniani wenye kipandauso ni zaidi ya bilioni moja, na wanawake ni takriban mara tatu ya wanaume, ndiyo sababu mgonjwa katika hadithi inayofuata ni mama, ingawa baba naye anaweza kuwa ndiye aliyelala gizani.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui, hata wenye ugonjwa wenyewe, ni kwamba kipindi hakianzii kwenye maumivu. Saa kadhaa kabla, pengine siku moja au mbili, mtu huanza kupiga miayo mfululizo, shingo inakaza, anatamani vitu vitamu, na anakereka kwa jambo dogo. Baadhi yao, kama mmoja katika kila wanne, hupatwa pia na maruerue ya macho: mistari ya pembepembe inayometameta, au doa ambalo ndani yake hakionekani kitu. Hali hiyo hudumu dakika 5 hadi 60. Ndipo maumivu huja. Yakishapita hubaki uchovu wa siku nzima, mtu akiwa mzito na mzubaifu kama aliyetoka kwenye homa. Mtoto aliye nyumbani huziona hatua zote hizi. Hajui tu kuwa ni kitu kimoja, na kwake mama wa miayo, mama mkali, mama wa gizani na mama mchovu ni mama wanne mbalimbali.

Giza na kimya vina maelezo yake. Ubongo wenyewe hausikii maumivu, lakini utando unaoufunika unasikia, na habari zake hupelekwa na neva kubwa ya tano ya kichwa, ile ile inayohudumia uso. Wakati wa kipandauso njia hiyo ya neva huwa imeamshwa kupita kiasi. Mwaka 2010 Rami Burstein na wenzake wa Boston walichapisha utafiti uliofanywa kwa vipofu wenye kipandauso. Baadhi yao hawakuwa na macho kabisa au mshipa wao wa fahamu wa macho ulikuwa umekufa, na hao mwanga haukuwazidishia chochote. Wengine hawakuweza kuona umbo la kitu lakini macho yao bado yalitambua kwamba kuna mwanga, na hao mwanga uliwaumiza kama unavyowaumiza wenye kuona. Watafiti walifuatilia njia hiyo kwa wanyama wa maabara, wakakuta kwamba habari za mwanga kutoka nyuma ya jicho zinafika kwenye seli zile zile, katikati ya ubongo, zinazopokea maumivu ya utando. Kwa hiyo mama anayeomba pazia lishushwe hadeki. Kwake mwanga unamiminwa ndani ya maumivu.

Sauti nazo huumiza, na harufu pia: vitunguu vinavyokaangwa, mafuta ya taa, udi, manukato ya mgeni. Tena kwa wengi ngozi yenyewe hugeuka. Kuchana nywele, kulalia sikio, au kupapaswa shavuni, mambo ambayo siku nyingine hayana neno, huuma. Hili la ngozi ndilo linalomchoma mtoto kuliko yote, kwa sababu giza analivumilia, lakini mkono unaomsukuma pembeni anapokuja kubusu haumwingii akilini.

Hadithi inahitaji picha moja ambayo mtoto anaijua na ambayo inabeba mambo haya yote: mwanga, sauti, harufu na mguso. Picha inayowajia watunzi haraka ni ya zimwi au mnyama aliyeingia kichwani. Inavutia, lakini ina hasara. Mtoto huanza kumwogopa mama aliyebeba zimwi, au huuliza kama litahamia kwake usiku, na katika nyumba ambamo watu wazima tayari wananong'ona kuhusu kurogwa, zimwi linapata ushahidi. Ngoma inayopigwa kichwani ni afadhali, ila inaeleza maumivu peke yake na haielezi pazia. Picha inayotosha zaidi ni redio ambayo kitufe chake cha sauti kimekwama juu. Inakaribia sana ukweli wa kisayansi, kwamba ubongo unapokea mambo ya kawaida kwa nguvu isiyo ya kawaida, na mtoto amewahi kusikia redio iliyofunguliwa hadi mwisho.

Hadithi ya aina hiyo, iliyotungwa kwa mtoto wa miaka mitano, inaanza hivi:

Katika nyumba yenye mlango wa buluu aliishi Zuhura, na mama yake, na kaka yake Saidi, na redio ya babu. Redio ya babu ilikuwa kuukuu lakini nzima, isipokuwa kitufe chake cha sauti kilikuwa na tabia. Siku moja moja kilikwama juu. Kikikwama, hata msomaji wa habari aliyekuwa akisema taratibu alisikika kama mnadi samaki.

Kichwani mwa mama nako kuna redio. Kila siku inasikiliza mwanga wa jua, na sauti za uani, na harufu ya vitunguu, na mkono wa Zuhura unapomshika shavu. Siku nyingi inasikiliza vizuri, polepole. Leo kitufe kimekwama.

Leo mwanga wa dirishani unapiga kelele. Kijiko kikianguka kinapiga kelele. Vitunguu vinapiga kelele. Hata busu la Zuhura, ambalo mama hulipenda kuliko halua, leo linapiga kelele.

Mwanga unaopiga kelele ni sentensi isiyo ya kawaida, na ndiyo inayofanya kazi kubwa hapa. Mtoto anajua kelele ni nini na anajua mtu huziba masikio. Akishakubali kwamba leo mwanga ni kelele, pazia linakuwa namna ya kuziba masikio, na halihitaji maelezo mengine. Busu limewekwa mwisho makusudi, baada ya kijiko na vitunguu, ili lionekane ni kitu kimoja tu kati ya vitu vilivyopatwa na kasoro ile ile. Kosa si la busu wala la aliyelitoa. Ni la kitufe.

Hata hivyo picha ya redio ina mtego wake, na anayeisimulia kwa mtoto mwenye akili nyepesi atakutana nao kabla ya ukurasa wa tatu. Kitufe cha redio huguswa na mtu. Mtoto atauliza, au hatauliza na hilo ni baya zaidi: nani alikigusa?

Umri huu una mantiki yake. Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyefariki mwaka 1980, alieleza jinsi mtoto wa miaka miwili hadi saba anavyojiweka katikati ya kila tukio. Mambo mawili yakifuatana, la kwanza limeleta la pili, na kama la kwanza alilifanya yeye, basi yeye ndiye aliyeleta. Zuhura aliimba asubuhi, mama akalala gizani mchana. Kwa hesabu ya miaka mitano, ushahidi umekamilika. Hapa ndipo ile hatua ya kwanza ya kipandauso, ya miayo na kukereka, inapofanya madhara ambayo hayakukusudiwa. Katika saa hizo kabla ya maumivu, masikio ya mama yameanza kuumwa na sauti ingawa kichwa bado. Anamkemea mtoto: punguza kelele, zinanipasua kichwa. Saa tatu baadaye kichwa kinapasuka kweli. Mtoto anaamini kelele zake ndizo zilizoanzisha, na mara nyingi mama naye anaamini hivyo, kumbe kukereka kwake na zile kelele kulikuwa ni kipandauso kilichokwisha kuanza. Watafiti wa ugonjwa huu wanazidi kuviangalia kwa jicho hilo baadhi ya vitu vilivyozoeleka kuitwa vichochezi. Mtu anayesema chokoleti humletea kipandauso huenda alitamani chokoleti kwa sababu kipandauso kilikuwa njiani.

Ndiyo sababu ukurasa wa katikati wa hadithi hautakiwi kumsubiri mtoto aulize:

Zuhura alisimama mlangoni. Akajiuliza kimoyomoyo, ni mimi niliyekigusa kitufe? Asubuhi niliimba sana.

Mama alimwona. Akasema polepole, "Hapana, mwanangu. Hakuna aliyekigusa. Kitufe cha mama hukwama chenyewe. Hata ungekuwa umelala asubuhi yote, kingekwama."

"Na mimi kitanikwama nikikaa hapa?"

"Hakiambukizi. Si kama mafua."

Sentensi ile ya katikati, hata ungekuwa umelala, isifupishwe. "Si kosa lako" peke yake haitoshi kwa mtoto, kwa kuwa maneno hayo huyasikia pia pale kosa lilipokuwa lake na watu wakamsamehe. Anachohitaji ni kuonyeshwa siku nyingine ambayo hakuimba na kitufe kikakwama vile vile.

Upo ugumu hapa ambao hadithi nyingi nzuri huukwepa. Ni kweli kwamba mtoto hakuanzisha kipandauso, lakini ni kweli pia kwamba akipiga bati sasa hivi mama ataumia zaidi. Mtoto anaweza kuziona kauli hizi mbili kuwa zinapingana. Njia rahisi ya kuzitenganisha ni kurudi kwenye redio: hakuna aliyekigusa kitufe, ila kikiwa kimekwama, kila anayeongea karibu na redio anasikika kwa nguvu. Kwa hiyo watu wanaongea kidogo hadi kitufe kirudi. Jambo ambalo halifai kusemwa kamwe ni kwamba mtoto akinyamaza mama atapona. Atanyamaza, kwa bidii ya kusikitisha, na baada ya saa mbili atachungulia na kukuta mama bado anaumwa. Atahitimisha kwamba hakunyamaza vya kutosha. Kimya humpumzisha mgonjwa, hakimtibu. Kazi ya kutibu katika hadithi hupewa dawa, usingizi na muda:

Mama alimeza dawa yake, akaficha zilizobaki juu ya kabati. Akashusha pazia. Gizani redio inabaki na kitu kidogo cha kusikiliza. Akalala ubavu, na dawa ikaanza kazi yake, na usingizi ukaanza kazi yake.

"Na kazi yangu mimi?" akauliza Zuhura.

Saidi akamwonyesha kapu lililokuwa mvunguni. "Kazi yako ni kucheza," alisema. "Mchezo wa sauti ya chini."

Dawa zilizofichwa juu ya kabati si pambo. Mgonjwa aliyeko gizani huacha vidonge pale mkono ulipofika, chini ya mto au sakafuni kando ya bilauri, na mtoto mdogo anayecheza karibu ndiye anayevikuta. Hadithi inayoonyesha mahali pa kuviweka humkumbusha mzazi anayeisoma kuliko mtoto anayeisikiliza. Kwamba dawa imemezwa mapema, kabla ya kulala, nalo ni sahihi: dawa nyingi za kipandauso hufanya kazi vizuri zaidi zikimezwa maumivu yakiwa bado madogo.

Kapu la mvunguni linastahili maelezo marefu kidogo, maana hadithi ikikosa kapu la kweli nyumbani hubaki maneno. Kapu hujazwa siku mama akiwa mzima, na halifunguliwi siku nyingine, ili vilivyomo visichuje. Mchezo wa upole ni ule usiogonga, usiong'aa, usionuka na usio na mshindi. Sifa ya mwisho husahaulika, lakini mchezo wenye mshindi una aliyeshindwa, na aliyeshindwa hulia. Bao la kete halifai kwa sababu ya mlio wake, na mdako, ingawa ni kokoto chache tu, huishia kwenye ubishi. Shanga na uzi zinafaa sana, mradi zimwagwe juu ya kanga iliyokunjwa na si kwenye sahani ya bati. Kalamu za rangi za nta ni bora kuliko chaki, ambayo hukwaruza, na kuliko kalamu za wino zenye harufu kali. Mwanasesere wa kitambaa anafaa kuliko gari la plastiki. Karata za zamani zinaweza kupangwa kwa rangi na kwa namba bila kuchezwa.

Kinyunya cha kuchezea hutengenezwa kwa dakika chache: vikombe viwili vya unga wa ngano, kikombe kimoja cha chumvi, na maji yapatayo kikombe kimoja yakiongezwa kidogo kidogo mpaka unga ushikamane bila kunata vidoleni. Hakina harufu wala mlio, na mtoto anaweza kukifinya, kukiviringisha na kukikata kwa kipande cha uzi. Hupikwa nacho chapati za uongo na samaki wa uongo, na mwanasesere wa kitambaa anaweza kulazwa gizani chini ya leso akisubiri kupelekewa uji. Mchezo huo wa mwisho mara nyingi mtoto huuanzisha mwenyewe, na ni vizuri kumwacha. Mtoto anayemlaza mwanasesere na kumwambia hakuna aliyekigusa kitufe anajisimulia hadithi upya kwa sauti yake.

Simu hutolewa haraka kuliko vyote, nayo ina ubaya wake ndani ya chumba cha mgonjwa. Kioo chake ni taa gizani, na mtoto hushindwa kuizuia isilie. Kama lazima itumike, itumiwe chumba kingine.

Chumba kingine, bila shaka, ni anasa kwa familia nyingi. Katika nyumba za kupanga za mijini, ambako mama na watoto watatu wana chumba kimoja chenye dirisha la nondo, bati juu na televisheni ya jirani ukutani, giza na kimya hutengenezwa kwa vipande. Kanga mbili nene zikiwekwa pamoja dirishani hupunguza mwanga kuliko pazia jepesi. Mgonjwa hulala akielekea ukutani, kitambaa cha maji baridi kikiwa pajini, na watoto hukaa upande wa mlango, mgongoni kwake. Vitunguu hukaangwa kwa jirani au havikaangwi siku hiyo. Mtoto huambiwa aongee kwa sauti ya chini badala ya kunong'ona, kwa sababu mnong'ono wa mtoto wa miaka mitano ni wa msisimko, hupasua chumba kizima.

Michezo ya kelele haifutwi, inahamishwa. Mtoto wa umri huu hawezi kutulia kwenye kitu kimoja kwa muda mrefu. Dakika 10 hadi 15 ni nyingi, kisha atabadilisha, na baada ya mabadiliko matatu au manne mwili wake unadai kukimbia. Mtu mzima au kaka mkubwa anayelijua hilo humtoa nje kabla hajalipuka, akacheze rede au kombolela uwanjani kwa wenzake, akirudi anywe maji na kuendelea na shanga. Anayesubiri mpaka mtoto avunje kimya ndipo amtoe huwa amegeuza kutoka nje kuwa adhabu, na mara nyingine mtoto atagoma.

Swali linalofuata la mtoto ni lini. Saa 72 hazina maana kwake, na hata saa nne hazina. Kesho anaielewa, lakini kesho ni ahadi ya hatari, kwa kuwa kipandauso kinaweza kuvuka usiku na mtoto ataamka akidai deni. Hadithi hupima muda kwa vitu vinavyoonekana, na huacha nafasi ya kuchelewa:

Zuhura akatunga shanga. Nyekundu, nyeupe, nyekundu. Akatoka nje akacheza, akarudi. Jua likazama. Wakala ugali na maharage kwa shangazi, wakalala.

Asubuhi pazia lilikuwa bado limeshushwa. Zuhura hakufurahi. Akasema, "Nimechoka na kitufe hiki." Shangazi akasema, "Hata mama amechoka nacho." Akatunga shanga nyingine.

Mchana mlango ukafunguka. Mama alikuwa amenyong'onyea, kama redio iliyosema siku nzima mpaka betri zikaisha. Hakucheza. Alikaa kizingitini, akamshika Zuhura mkono, na mkono haukupiga kelele.

Hasira ya Zuhura imeachwa ndani kwa sababu bila hiyo hadithi ingekuwa ya mtoto malaika, na mtoto wa kweli asingejiona humo. Naye mama harukiruki anapotoka. Uchovu wa baada ya maumivu ni sehemu ya ugonjwa, na mtoto aliyeahidiwa mama mzima hushtuka anapompata mama aliyezubaa. Hadithi inaishia kwenye mkono, kwa kuwa mkono ndio uliokuwa umekataliwa.

Kuna ukurasa mmoja zaidi, nao si wa kupendeza kusimulia lakini haupaswi kuachwa. Si kila anayelala gizani ana kipandauso. Maumivu yanayolipuka ghafla yakafika kilele papo hapo, homa pamoja na shingo iliyokakamaa, upande mmoja wa mwili kulegea, kuchanganyikiwa, degedege, au maumivu yanayofuata kuanguka na kujigonga kichwa ni mambo ya kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo. Mtu mzima anapaswa kuzijua dalili hizi. Mtoto haihitaji orodha, na akipewa ataanza kumchunguza mama usiku kucha. Yeye hupewa mambo matatu anayoweza kuyaona, na jina la mtu mmoja: mama akianguka, mama akiitwa asiamke, au maneno ya mama yakitoka vibaya, kimbia kwa Mama Rehema mlango wa pili, na siku hiyo piga kelele zote unazotaka. Ruhusa hiyo ya kelele ni muhimu. Mtoto aliyefunzwa kimya vizuri sana anaweza kunyamaza hata pasipofaa.

Hadithi husimuliwa siku mama akiwa mzima, ikiwezekana na mama mwenyewe, na hurudiwa hadi mtoto aweze kuimalizia. Ikisimuliwa kwa mara ya kwanza siku ya ugonjwa, mtoto hasikii hadithi, anasikia amri. Baba akiwa ndiye anayeugua, redio huhamia kichwani kwake na mengine yanabaki yalivyo. Dalili kwamba hadithi imekwenda kombo si vigumu kuiona. Mtoto anageuka mlinzi: anawakaripia wenzake uani hata siku ambayo mama anafua na kuimba, anauliza kila asubuhi kama kitufe kiko sawa, hataki kwenda shule asije akamwacha mama peke yake. Huyo amepewa jukumu kubwa kuliko umri wake, na kinachohitaji kurekebishwa ni ukurasa wa kazi: ya Saidi, ya shangazi, ya dawa, na ya Zuhura ambayo ni kucheza tu.

Siku moja mtoto naye atasema redio yake imekwama. Mara nyingi atakuwa anaiga, ili akwepe kuoga au alazwe karibu na mama. Lakini kipandauso hurithiwa, na mtoto ambaye mzazi wake mmoja anacho ana uwezekano unaokaribia nusu wa kukipata, kwa hiyo si busara kumcheka. Kwa watoto vipindi huwa vifupi, pengine saa mbili tu, na maumivu mara nyingi hushika paji zima badala ya upande mmoja. Wengine huumwa tumbo na kutapika kuliko kichwa. Anayeiga huchoka kulala gizani baada ya dakika chache, ilhali anayeumwa kweli huacha mchezo alioupenda na kulitafuta giza mwenyewe.

Mwaka 2002 Carl Stafstrom na wenzake, nchini Marekani, walichapisha utafiti wa watoto na vijana 226 walioumwa kichwa na kutakiwa wachore picha ya maumivu yao kabla ya daktari kuwauliza habari zake. Walichora nyundo, watu waliolala vyumba vya giza, macho yenye vidoadoa, na kwa kuangalia michoro hiyo tu waliweza kwa kiasi kikubwa kutenganisha kipandauso na maumivu mengine ya kichwa. Mzazi mwenye kipandauso anaweza kumpa mtoto wake karatasi na kalamu za nta kwa njia hiyo hiyo, ila karatasi itangulie na hadithi isitajwe kwanza. Mtoto aliyekwisha kumsikia Zuhura atachora redio, na kwa redio hiyo daktari hatajua chochote.